Angélique Hauzi Rangi

Mimi ni Virginie, msusi wa mtaa wa Kamalondo, na kama hujawahi kusikia habari za saluni yangu basi labda huna nywele. Nasema mapema ili ujue anayekusimulia si mtu wa kunong'ona. Lakini habari hii si yangu. Ni ya Angélique Mapalo, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, na kama hujawahi kumsikia yeye, basi huna masikio.

Angélique anaishi kwa sauti yake. Depo ya vyakula ikipokea mchele mpya, wanamwita. Fundi cherehani akifungua duka, wanamwita. Anakuja na megafoni yake yenye kamba nyekundu, anasimama barabarani, na kabla hujajua umeingia dukani kununua kitu ambacho asubuhi hukukiwaza. Baba yake alikuwa mtu wa reli aliyetoka kaskazini, na Angélique mwenyewe husema sauti hiyo ameirithi kwake, kwa sababu mzee alikuwa akiongea nyumbani kama bado yuko kando ya treni.

Kazi aliianza harusini, akitangaza zawadi za maharusi. Hapo ndipo alipojiwekea sheria yake moja, na sheria hiyo imemkosesha kazi nyingi: hatangazi kitu ambacho hajakila, hajakivaa, wala hajajipaka. Siku moja alikuja mtu na chupa za dawa, eti inatibu tumbo, malaria, deni na mume mkorofi. Angélique akamwambia, "Papa, kunywa we kwanza, nikuangalie." Yule mtu aliondoka na chupa zake, na sisi tulicheka mpaka misuko ya wateja wangu ikapinda.

Sasa, Angélique ni mweusi. Mweusi kweli. Shuleni walimwita Makala, yaani mkaa, na kuna watu wazima wanaomwita hivyo hadi leo wakidhani ni mzaha. Yeye haoni aibu. Ukimwita Makala atakujibu, "Ndiyo, na bila mi hauivishe chakula." Mimi ningekuwa yeye ningewapiga na kitana. Na Abigaïl, mtoto wa marehemu dada yake ambaye Angélique amemlea tangu anatambaa, amechukua rangi hiyo hiyo, na uso mzuri kuliko sisi wote. Abigaïl ananifanyia kazi saluni. Ana vidole vyepesi na mdomo mzito. Mtu akimtania rangi yake hajibu kitu, anasuka tu, na kichwa cha mteja siku hiyo kinabanwa hadi macho yanavutika.

Basi mwaka huu, baridi ilipoanza, Papa Alexis akaja saluni. Papa Alexis ana kiwanda kidogo nyuma ya nyumba yake, njia ya kwenda Karavia, anakotengeneza mafuta ya ngozi. Ni mtu mpole, alisomea kemia, na anapoongea huangalia viatu vyake. Mafuta yake mapya aliyaita Umande. Alimleta Hénoc, kijana wake wa kuuza, mwenye viatu vyenye ncha na maneno yenye mafuta kuliko chupa. Hénoc alimwona Abigaïl, akasema anatafuta uso wa afishi, ile picha kubwa ya tangazo itakayobandikwa kuta zote za mji. Abigaïl alifurahi hata akaangusha kitana. Nikamsuka bila kumlipisha. Alivaa gauni lake la kitenge la manjano, akaenda studio, akarudi anaimba.

Afishi ya kwanza, ile ya kujaribu, Hénoc aliileta akaibandika ukutani kwangu. Mungu wangu! Picha zilikuwa mbili. Kushoto Abigaïl, wamemtia giza kupita alivyo, mdomo umeshuka kama aliyefiwa. Kulia Abigaïl yule yule, gauni lile lile, misuko yangu ile ile, lakini wamemng'arisha kwa kompyuta mpaka amekuwa rangi ya ndizi mbivu, anacheka. Chini yake: "Umande! Kuwa mweupe, kuwa muzuri. Unaona tofauti siku chache tu."

Kambo Ngosa (kambo kwetu ni bibi), nyanya yake Abigaïl na mama mzazi wa Angélique, alikuwa ameketi kwenye kiti changu akisubiri anyolewe. Aliitazama picha ya kulia muda mrefu.

"Uyu ni mutoto ya nani?" akauliza.

"Kambo, ni mi," Abigaïl akasema.

"Hapana," bibi akajibu. "We nakujua. Uyu simujue."

Ningetaka kukuambia kwamba Abigaïl alikasirika. Hakukasirika na picha. Alisimama mbele yake, akagusa shavu lake mwenyewe, akatabasamu kidogo. Siku iliyofuata, wateja wameenda, akaniuliza kwa sauti ndogo, kama anayemuuliza dada yake mkubwa, "Yaya Virginie, ile mafuta ya kuchubua, ile ya kweli, banauzia wapi?"

Ninawaona wanawake wanaojichubua kila siku kwenye kiti changu. Naona masikio yaliyobaki meusi na shavu jekundu linalowaka jua likitoka. Naona ngozi iliyokuwa nyembamba hata mshipa unaonekana, na vidole vyenye viungo vyeusi ambavyo hakuna mafuta yanayovidanganya. Kuna mmoja alipopasuliwa tumbo, kidonda kilikataa kufunga. Nikamwambia Abigaïl, "Uniulize tena ile neno, nakunyoa kipara!" Halafu nikaenda moja kwa moja kwa Angélique, nikamweleza yote.

Angélique alifunga kamba ya megafoni kiunoni, akanivuta mkono, tukaenda kwa Papa Alexis.

Tulimkuta na Hénoc kati ya ndoo na mizani. Angélique hakusema habari ya mtoto. Aliuliza tu, "Papa Alexis, mafuta yako inafanya nini?"

Papa Alexis aliangalia viatu. "Inashika maji ku ngozi. Kuko gliserini, ile inavuta maji. Kuko vazelini na mafuta ya karanga, ile inafunga juu, maji isitoke. Njo hivi ngozi haikauke, haipauke."

"Inafanya muntu mweupe?"

"Hapana."

"Inatoa madoa? Inaponyesha ugonjwa?"

"Hapana, mama. Haina dawa ndani."

"Sasa juu ya nini afishi inasema bongo, uongo mutupu?"

Hénoc ndiye aliyejibu. "Mama Angélique, beye banaandika hivi, bote. Bila mweupe, hakuna muntu atanunua. Banawake banatafuta ile. Shiye tunaweka neno tu, mafuta haina mubaya."

"Neno tu?" Angélique akasema. "Mwanamuke atapaka Umande, ataona haibadilike, atasema haina nguvu. Ataenda kutafuta ya nguvu. Njo atapata ile ya kuunguza. Afishi yako itakuwa imemuonyesha njia."

Hénoc akacheka. "Kizuri chajiuza, mama. Basi uza bila afishi!"

Hapo mimi nikaingia. Nilimwambia kwamba kizuri nacho kinahitaji mtu wa kukiita, na kwamba viatu vyake vinafanana na maneno yake, mbele kuna ncha, nyuma hamna kitu. Papa Alexis alikohoa. Maskini, alikuwa ameweka kila kitu chake kwenye mafuta yale, na aliogopa. Mwishowe akasema: Jumamosi kutakuwa na soko kubwa. Hénoc achukue meza moja na afishi yake. Angélique achukue nyingine na ulimi wake. Mafuta yale yale, chupa zile zile. Meza itakayouza zaidi, hiyo ndiyo njia ya tangazo, na Jumatatu mtambo wa kuchapa unaanza.

Tukiwa njiani kurudi nikamuuliza Angélique kama ana akili timamu. Kazi ya sauti yake ilikuwa hatarini mbele ya mji mzima! Akasimama katikati ya barabara, pikipiki zinatupigia honi.

"Kazi, nitapata ingine," akasema. "Lakini Virginie, nikishindwa, ule mutoto ataona na macho yake kama bantu banapenda afishi kupita yeye. Ataamini karatasi kuliko kioo. Na mi sitakuwa na jibu." Akafuta macho kwa kanga, akaendelea kutembea.

Sasa ujue jinsi alivyofanya kazi, kwa sababu hakwenda sokoni na hasira tu. Aliwakusanya wanawake wa uani kwetu, akawapa Umande, akawaambia: oga, ukiwa bado na unyevu, paka mguu mmoja. Mwingine uuache. Jioni njoo unionyeshe. Alikuwamo Martine, muuza samaki, ambaye yeye amezaliwa mweupe kama mama yake. Mimi nilikuwamo. Abigaïl naye alipaka, kwa kulazimishwa, mdomo umevutwa.

Jioni tulipanga miguu yetu uani kama watu wanaosubiri kuoshwa na askofu. Ukweli ulionekana. Mguu mmoja laini, mwingine kama njia ya Lukafu mwezi wa nane, vumbi tupu. Angélique alipita akikwaruza kucha kwenye muundi wa kila mmoja. Unajua mchezo huo, wewe uliyekulia hapa. Baridi ikija, watoto wa shule huandika majina kwenye miguu yao kwa ukucha, na mstari unatoka mweupe, kama chaki kwenye ubao. Kwenye mguu mkavu ukucha uliandika. Kwenye mguu wa Umande haukuandika kitu.

Angélique akasimama, mkono hewani. Nikaona uso wake umewaka.

"Njo hii," akasema. "Virginie, tangazo letu njo hii!"

Lakini Martine alikuwa ananung'unika. Mguu wake wa Umande ulikuwa umekauka karibu kama mwenzake. Angélique akamuuliza alikuwa wapi. Kwa samaki, akasema, mchana kutwa anamwagikiwa na maji, ananawa, anafuta. Basi Angélique akafuta kwenye tangazo lake maneno "siku muzima", ambayo yalikuwa matamu sana mdomoni. Mahali pake akaweka, "Ukinawa, paka tena."

"Utasema ile ku megafoni?" nikamuuliza. "Utawaambia inatoka?"

"Kwani haitoke?"

Nilimwacha. Kuna watu wa kubishana nao na kuna Angélique.

Ijumaa, Hénoc alipita saluni. Alikuja na tabasamu, akamvuta Abigaïl pembeni, na kwa kuwa pembeni ya saluni yangu ni hatua mbili kutoka kwenye sikio langu, nilisikia.

"Kesho usikuye ku soko," akamwambia. "Bakia nyumba."

"Juu ya nini? Si mi niko ku afishi?"

"Njo ile. Bantu bakikuona hivi ulivyo, batauliza maswali. Afishi ikishapita, nitakupatia zawadi."

Aliondoka akipiga mluzi. Abigaïl alibaki amesimama na kitana. Uso wake mwenyewe umebandikwa mbele ya watu, na yeye mwenyewe ameambiwa ajifiche!

Jumamosi jua lilitoka na upepo mkali, ule wa vumbi jekundu unaokausha hadi meno. Meza ya Hénoc ilikuwa karibu na mlango wa soko, ina muziki, ina wasichana wawili wanacheza, na juu yake afishi kubwa. Watu walijaa. Meza ya Angélique iliwekwa mbali, kando ya wauza mkaa. Sijui ni nani alipanga hivyo, lakini nina wazo langu, na wazo lina viatu vyenye ncha.

Mwanzoni tulikuwa sisi na nzi. Angélique alikuwa na kiti kifupi, beseni ya maji, kitambaa safi, chupa zake. Halafu akainua megafoni.

"Ba mama! Sina picha, sina muziki. Kuya na mguu wako! Kuya tusome yenye imeandikwa!"

Mama mmoja akacheka, akakaribia. Angélique akapitisha ukucha kwenye muundi wake, akaandika herufi ya kwanza ya jina lake, nyeupe kabisa. Watu wakapiga kelele. "Mama, uko ubao ya masomo!" Angélique akasema. Akalowesha kitambaa, akaupangusa mguu, akapaka Umande kidogo tu ukiwa na unyevu, akaongea naye habari za watoto, kisha akauweka mkono wa mama yule juu ya muundi uliopakwa. "Sasa andika we." Mama akakwaruza. Akakwaruza tena. Hakuna kitu.

"Eh! Imekataa!"

"Iandikishe deni yako, tuone kama itakataa nayo!" mwingine akadakia, na kicheko kikazunguka.

Wauza mkaa walikuja na miguu yao. Wanaume walikuja na viwiko. Mmoja akauliza, "Makala, itanifanya mweupe?" Na watu wakasubiri, maana waliona yule pale anauza weupe na huyu hapa hasemi lolote la weupe.

"Hapana," Angélique akasema kwa megafoni, wazi, soko zima lisikie. "Umande haibadilishake rangi. Rangi yako ni yako, mi siiuzishe. Inalainisha ngozi kavu. Ukinawa inatoka, paka tena. Kama ngozi yako ni ya shida, weka kidogo ku kiwiko, ngoja kesho, uone. Kama kuko kidonda, enda kwa munganga, si kwa mi."

Mtu yule alitikisa kichwa. "Wa kwanza kusema bidhaa yake inatoka," akasema. Lakini alinunua. Nilimwona kwa macho yangu akinunua.

Hata hivyo Hénoc bado alikuwa mbele. Sitakudanganya. Weupe ni ugonjwa wa zamani, na muziki ulikuwa mzuri. Martine, muuza samaki wetu, alikwenda kusikiliza kule, akarudi akasema Hénoc anawaahidi watu kwamba mwezi hautaisha kabla hawajawa kama wa kwenye picha. "Na banaamini," akasema. Angélique akaendelea kupaka mguu uliokuwa mbele yake.

Ndipo nilipoona manjano. Gauni la kitenge la manjano linapita kati ya watu, na misuko yangu juu yake. Abigaïl hakuja kwetu. Alikwenda moja kwa moja kwa Hénoc, akaizunguka meza, akasimama chini ya afishi, mgongo ukutani, mikono imeshuka. Basi.

Nilikimbia. Angélique naye alikimbia, na mguu wa mtu nusu haujapakwa.

Muziki ulikuwa ungali unalia, lakini watu walikuwa wameanza kutazama juu, kisha chini, kisha juu. Gauni lile lile. Hereni zile zile. Bibi mmoja wa Kamalondo aliyekuwa ameshika chupa mkononi akasema, "Uyu si mutoto ya saluni? Uyu si Abigaïl? Asubuhi alinisalimia!"

Hilo ndilo kosa la Hénoc, na angeweza kulifanya hapa kwetu tu. Ukitaka kudanganya, chukua sura ya mbali. Huchukui uso wa Kamalondo ukauuzia Kamalondo. Kule hata mbuzi tunajua ni wa nani.

"Abigaïl," bibi akauliza, "ni we ku picha?"

"Ni mi, kambo. Pande zote mbili."

"Na mafuta, unapakaka?"

"Ninapakaka."

"Sasa ule weupe iko wapi?"

Abigaïl akainua kidevu. Sauti yake ilitoka ndogo, halafu ikakua, na mimi nikamsikia babu yake wa reli ndani yake.

"Ilibakia ku kompyuta, kambo. Mi nilirudiaka nyumba na yangu."

Kicheko kilicholipuka hapo, nadhani walikisikia hadi Karavia. Hata wasichana wawili waliokuwa wakicheza walishika mbavu. Hénoc alizima muziki, akawasha tena, akazima. Kicheko kikaanza kugeuka. Mtu akarusha neno "wezi", mwingine akairudisha chupa mezani kwa nguvu. "Umande ni bongo!" "Papa Alexis ni mwizi!" Nilimwona Papa Alexis nyuma ya umati, mweupe wa hofu, huyo ndiye mweupe pekee aliyepatikana siku ile.

Mimi ningewaacha wayavunje yote. Nakiri wazi, nilikuwa nakunja mikono ya blauzi. Lakini Angélique alipanda juu ya kreti ya bia na megafoni yake.

"Ba mama! Ngojeni! Mafuta ya ule meza na ya huku kwangu ni moja. Haina kosa. Kosa ni ya afishi. Mafuta haikuahidi muntu kitu, ni karatasi iliahidi. Kama unatafuta weupe, weka chupa chini, enda na amani. Kama mguu yako inaandikika, kuya!"

Halafu yule bibi wa Kamalondo, akiwa bado ameshika chupa yake, akavuta kitenge chake juu kidogo mbele ya soko zima, akanyoosha mguu mkavu kama kuni.

"Kuya uandike," akasema.

Sikuona tena meza. Niliona migongo. Watu walibeba chupa za Hénoc wakazileta kwetu, kwa sababu zetu zilikwisha, na Hénoc mwenyewe, nampa haki yake, alibeba katoni mbili begani bila kuambiwa. Abigaïl aliketi kwenye kiti kifupi, akipaka miguu ya watu, anacheka na kila mtu. Kijana mmoja akamtania, "We mweusi hivi, unang'aa kama nini?" Siku nyingine asingejibu. Akasema, "Kama mi mwenyewe," na akampaka mafuta hadi puani. Angélique alisikia. Alishusha megafoni, akalia waziwazi, na hakujifuta.

Jumatatu mtambo ulianza, lakini si na picha ile. Siku moja kabla tulikwenda studio sote. Papa Alexis alitaka safari hii awekwe Abigaïl peke yake, na maneno yanayosema weusi ndio uzuri. Angélique akakataa.

"Sitatukana Martine juu ya kumusifu Abigaïl," akasema. "Beye bawili bako na miguu, na miguu ya bote inakauka."

Basi wakakaa wawili kwenye ngazi, Martine na Abigaïl, muundi wa Martine mkavu una herufi zilizoandikwa kwa ukucha, wa Abigaïl umepakwa, na ukucha wa Martine juu yake unajaribu kuandika na unashindwa, wote wanacheka kweli. Mpiga picha aliinama kwenye kompyuta yake. "Nimusafishe kidogo?" akauliza. "Mwangaza tu."

Abigaïl hata hakugeuka. "Nilisha koga, papa. Fungua dirisha."

Dirisha likafunguliwa. Chini ya picha waliandika kwa herufi kubwa: "Jaribu kuandika!" Na chini zaidi, bila kuzificha: "Umande. Inalainisha ngozi kavu. Haibadilishi rangi. Ukinawa, paka tena." Hénoc aliposoma alitikisa kichwa, lakini wiki hiyo hiyo alikuja kwangu kuuliza kama Angélique anaweza kumfundisha kutumia megafoni.

Afishi mpya ya kwanza ilibandikwa kwenye ukuta unaotazamana na saluni yangu. Jumapili iliyofuata Kambo Ngosa alitoka misa, anatembea polepole, rozari mkono mmoja na mfuko mkono mwingine. Nilikuwa mlangoni. Alifika mbele ya ukuta, akasimama. Akakaribia mpaka pua yake ikakaribia karatasi.

"Abigaïl!" akapiga kelele. "Unafanya nini ku ukuta na miguu inje? Shuka, kuya unipokee hii mufuko!"